Mi Iliyomezwa Timbwani

Mwalimu wetu wa Kituruki pale Timbwani alikuwa mzee aliyewahi kupika melini, akakaa Izmir miaka. Majivuno, wacha! Sikumpenda tangu siku ya kwanza. Lakini Kituruki alikijua, hilo simnyimi. Vita vilipokwisha, kaka yangu wa pili alirudi kutoka Izmir na mke, nasi wanawake wa nyumbani tulitaka kusema naye. Basi mzee akawekewa kiti uani, akawa anatufundisha huku akituangalia kana kwamba sisi ni mbuzi.

"Ev ni nyumba," alisema. "Evde, nyumbani ulipo. Eve, nyumbani uendako. Evden, nyumbani utokako."

Sisi neno letu ni hilo hilo nyumbani, mtu awepo, aende au atoke. Wao tofauti hiyo wanaifunga mwishoni mwa jina, tena kwa kufuata irabu: Likoni'de, lakini Mombasa'da. Na ukitaka kuuliza, weka mi. Evde mi? Yuko nyumbani? Nayo hugeuka, mara mı, mara mu, kulingana na neno lililotangulia. "Bila mi hujauliza," alitufokea. "Umesema tu!"

Mengine nilifunzwa na wifi yangu mwenyewe, jikoni, tukikuna nazi. "İzmir'den geldim," nimetoka Izmir. Siku moja akaniambia, "İzmir'de kimse yok." Kule hana mtu, wamekufa wote. Nikalia naye.

Kisha kaka huyo akafariki. Eda ilipokwisha tu, kaka zangu wakubwa wakaanza kukitamani chumba alichomwachia mkewe. Ati wifi arudishwe kwao kwa meli. Mama akashikilia aulizwe mwenyewe, na asipotaka, haendi. Mwalimu akaitwa akalimani.

Alikuja na kanzu ya pasi, akala halua ya kaka zangu, akajifuta mdomo. Akamwambia wifi, "İzmir'e gidiyorsun."

Unakwenda Izmir. Basi! Nikaingoja mi. Haikuja. Mtu aliyetufokea kwa kuisahau, leo kaimeza pamoja na halua.

Wifi aliinama, machozi yakimdondoka, hakusema neno.

"Amenyamaza," mwalimu akatangaza. "Kunyamaza ni kuridhia."

Ebo! Hiyo ni ya mwanamwali anapoozwa, si ya mjane! Mjane husema kwa kinywa chake, na kila aliyesoma Kurani chuoni alilijua hilo, kaka zangu wakiwamo. Wakaitikia kwa vichwa, wanafiki wale. Wallahi nilitamani kuwatemea mate.

Nikatoka nyuma ya pazia nilikokuwa nikichungulia. "Gidiyor musun?" nikamwuliza wifi. Unakwenda?

Akainua uso. "Gitmiyorum," akasema. "Evdeyim."

Kaka mkubwa akageuka. "Kasemaje?"

Mwalimu akatazama kikombe chake.

"Kalimani, mwalimu," nikamwambia. "Si umetufunza wewe?"

"Anasema haendi," akanong'ona.

"Na la pili?" Mama akauliza.

"Anasema yuko nyumbani."