Singo ya Dada Kichwani Mwangu

Dada yangu alipokaribia kuolewa alinichagua mimi niwe mpambe wake. Nyumba nzima ilishangaa, nami nilishangaa kuwashinda, maana mimi ni mtu wa kusimama nyuma ya mlango. Mpambe hukaa ubavuni mwa bibi harusi siku anapoonyeshwa kwa wanawake, akimpepea na kumfuta jasho. Siku hiyo hakuna mwanamume ndani, kwa hiyo buibui huvuliwa na vichwa huwa wazi, kila mmoja aonekane alivyosukwa.

Hilo la kichwa wazi ndilo lililonitia hofu. Nilikuwa na mba.

Ulikuwa mba wa kawaida, kama walio nao watu wengi, lakini buibui jeusi halifichi kitu. Siku moja binamu yangu, msichana wa rika langu mwenye mdomo mwepesi, alinipangusa begani mbele ya wageni akasema, "Mbona una machicha hapa? Umekuna nazi huku umesimama?" Wageni wakacheka. Nikacheka pamoja nao, kisha nikaenda jikoni nikakaa huko mpaka walipoondoka.

Ndipo somo wa dada yangu alipoanza kuja. Huyu ni mama mtu mzima aliyepewa kazi ya kumfunda na kumtengeneza bibi harusi. Alikuja na singo yake: liwa, karafuu, mrehani na asmini iliyokauka, vyote vimetwangwa vikabaki na chenga, vikalowekwa kwa marashi. Alimsugua dada mikono, mgongo na miguu. Mimi nilishika bakuli. Niliona taka za ngozi zikijiviringa na kudondoka kwenye mkeka, na chini yake ngozi ya dada ikatoka laini, inang'aa kama tende. Nikawaza kwamba kichwa nacho ni ngozi.

Singo iliyobaki bakulini niliichukua nikaingia nayo chooni. Nilizitenga nywele nikaipaka na kusugua kwa vidole. Nywele zilizuia, haikufika vizuri, basi nikachukua brashi ya kufulia nguo nikaendelea nayo. Siku ile ya kwanza nilifurahi. Kichwa kilikuwa chepesi, kinanukia, na begani hapakuwa na kitu.

Kesho yake mba ulirudi, mdogo mdogo kama unga. Nilijua nimesugua kidogo. Nikasugua tena, na asubuhi iliyofuata tena, na kila asubuhi. Kadiri nilivyosugua ndivyo unga ulivyozidi, na kadiri ulivyozidi ndivyo nilivyoikandamiza brashi. Karafuu ikaanza kuchoma. Niliuma meno, nikajiambia dawa inafanya kazi. Halafu hata maji matupu yakawa yanachoma. Nikiamka, kichwa kimegandana na mto, na foronya ina madoa ya manjano. Foronya niliifua mwenyewe kabla mama hajaiona.

Jambo linaloniumiza nikilikumbuka ni kwamba jibu lilikuwa mbele ya macho yangu. Yule somo hakumsugua dada kila siku. Alimsugua, kisha akamwacha siku kadhaa akimpaka mafuta tu. Na begani dada alikuwa na kipele kilichopasuka. Mkono wa somo ukifika hapo ulizunguka, haukukigusa. Niliona hayo yote nimeshika bakuli, wala sikuuliza.

Siku ya kusukwa ikafika. Msusi alikaa kwenye kigoda ukumbini, mwanamke mnene mwenye mikono myepesi, na sisi wasichana tukapokezana kukaa mkekani mbele ya magoti yake. Binamu yangu alisukwa mistari iliyokutana utosini, akawa anajigeuzageuza kwenye kioo. Mimi nilikuwa jikoni nikijifanya napepeta mchele.

"Mpambe yuko wapi?" msusi aliita. "Au anataka aniletee kichwa kwenye sinia?"

Nilitoka. Nikamwamkia, "Shikamoo," akaitikia, "Marahaba, mwanangu, kaa hapa." Nilikaa. Akanivua leso.

"Salale!" akasema mtu nyuma.

"Ni choa!" Binamu yangu aliruka kando. "Kile kitana kimepita kwa nani? Kisije kikarudi kwangu!"

"Hebu nyamaza wewe, kitana hakijamgusa," msusi alisema. Alinigeuza kichwa kwenye mwanga wa dirisha. "Choa hula nywele. Hapa nywele zipo, ngozi ndiyo iliyoliwa." Akainama, akanusa. "Ajabu! Kichwa hiki kinanukia harusi."

Wanawake wakaangua kicheko. Natamani nisingewasikia. Hata dada alifunika mdomo, kisha akaona uso wangu, akaacha.

"Karafuu na liwa," msusi aliendelea, sasa kwa sauti ya chini. "Na mikwaruzo hii ya brashi. Unasugua mara ngapi?"

Niliinama nikaushika ukingo wa mkeka.

"Kila siku?"

Niliitikia kwa kichwa.

"Unaona huu unga, unadhani ni mba? Mba wenyewe ulishatoka zamani. Hii ni ngozi yako inajaribu kuota, nawe kila asubuhi unaibandua." Alinifunika leso taratibu. "Kichwa kizima, kisicho na kidonda, husuguliwa mara moja kwa juma, basi, kwa ncha za vidole au brashi laini. Kucha hapana, na brashi ya nguo ni ya nguo. Kikichubuka, hakiguswi na brashi, wala singo, wala manukato, mpaka kipone. Na mimi leo sikusuki. Nikivuta nywele juu ya vidonda hivi nitakuongezea vingine."

Binamu yangu alisema, "Basi mimi niwe mpambe, mimi nimeshasukwa."

Nilimwomba Mungu dada akubali. Nilitaka kurudi kwenye mchele wangu. Lakini dada alisema, "Mpambe wangu ni huyu huyu. Atafunga kitambaa."

Aliniheshimu, najua. Lakini heshima ile ndiyo iliyonikalisha mbele ya ukumbi mzima siku ya kuonyeshwa bibi harusi. Wanawake wote vichwa wazi, asmini zimechomekwa kwenye nywele, na mimi peke yangu nimejifunga kama mtu anayekwenda kuchota maji. Bibi kizee mmoja akauliza kwa sauti, kwa kuwa hasikii vizuri, "Huyu mwenye kitambaa ana nini?" Nilimpepea dada haraka haraka, macho kwenye mkeka, na chini ya kitambaa kichwa kilinifukuta.

Baada ya harusi nilifanya kama msusi alivyosema. Nilikiosha kwa maji na sabuni kidogo isiyo na harufu, nisikikune hata kiliponiwasha. Vigaga vilidondoka vyenyewe. Kilipopona kabisa ndipo nilipoanza kusugua tena, mara moja kwa juma, kwa vidole. Mba bado huja kidogo. Siku ukija natamani brashi, naitazama tu.

Juzi dada alikuja kututembelea. Alikaa kwenye kigoda kile kile, akatandika mkeka mbele yake. "Njoo nikusuke," akasema. "Nina deni la harusi."

Nilikaa, mgongo kwenye magoti yake. Hakuinua mkono kunivua leso, alingoja. Nilisikia binamu yangu akiongea uani, nikaomba mlango ufungwe. Dada aliinuka akaufunga, akarudi akakaa.

Hapo ndipo nilipofungua fundo.