Nabintu Akataa Maneno Nusu

Nabintu alikuwa hajamaliza mwaka mjini Hull, Uingereza, na mimba yake ya pili ilikuwa imekwisha kuwa kubwa. Mtoto wa kwanza, Amani, alizaliwa Kampala kwa kupasuliwa. Sasa aliitwa hospitali kuzungumzia uzazi huu.

Daktari Iqbal aliweka simu katikati ya meza, sauti juu ili wote wasikie. Mkalimani alikuwa huko ndani ya simu, mwanamume asiyeonekana. Daktari akaeleza kwa kirefu, akigeuza kiganja huku, kisha kule. Alipomaliza, akamtazama Nabintu kama mtu anayengoja jibu.

"Mama, utapasuliwa tena," simu ikasema. "Watakupangia siku."

"Ni hayo tu aliyosema?"

"Hayo ndiyo ya maana. Mengine ni ya kitaalamu."

"Papa, mtu amesema mpaka mate yamemkauka, wewe unanipa kijiko kimoja? Nipe chungu chote!"

"Mkubalie tu daktari, mama. Wao wanajua."

Mumewe, Byamungu, akamgusa goti. "Wacha, mama Amani. Tutaonekana watu wa fujo."

"Tuonekane! Tumbo ni lako?"

Akamgeukia daktari na Kiingereza chake cha kuokoteza: huyu hapana, anakata maneno, nataka mwingine. Daktari akashtuka. Lakini Lorraine, mkunga aliyempima tangu kliniki ya kwanza, aliyekuwa amekaa pembeni, alikwisha nyanyua simu. "Ni haki yake," akasema, akaomba mkalimani mwingine.

Wakangoja. Byamungu akatazama dari. Hatimaye ikaja sauti ya mwanamke, Kiswahili cha pwani.

"Dada, nitasema kila atakalosema daktari, na kila utakalosema wewe, hata ukitukana."

"Vizuri, dada, maana nilikuwa karibu."

Safari hii maneno yakaja yote. Karatasi za Kampala zilionyesha kwamba kizazi kilikatwa sehemu ya chini, kwa kulala, na mshono wa namna hiyo haupasuki kwa urahisi. Kwa hiyo angeweza kupanga upasuaji, au kujaribu kuzaa kwa njia ya kawaida hapa hospitali, moyo wa mtoto ukipimwa muda wote. Katika wanawake wanne wanaojaribu, watatu hivi hufaulu. Mshono unaweza kupasuka. Ni mara chache, lakini ni hatari. Kupasuliwa tena nako kuna hatari zake. Uamuzi ni wake.

"Kumbe nilikuwa naulizwa!" Nabintu akasema. "Mwambie nitajaribu. Na siku ya uchungu nataka mkalimani anitafsirie, si mume wangu."

Siku ilipofika, uchungu ulimshika toka alfajiri. Mchana mapigo ya moyo wa mtoto yakaanza kushuka, tena na tena. Daktari wa zamu akaeleza, simu ikatafsiri neno kwa neno: ni heri kupasua sasa.

"Nikikataa?"

Wakamjibu. Akauliza tena, wakamjibu tena.

"Haya, pasueni," akasema, akachukua kalamu, akatia sahihi mwenyewe. "Leo mmeniambia yote."

Alizaliwa msichana, mwenye kelele kuliko wodi nzima. Byamungu akajaribu kumbembeleza anyamaze.

"Mwache," Nabintu akasema. "Aseme."