Mwezi Upande wa Kushoto

Nilifanya test ya kazi ya kupanga makartoni katika depo moja ya Nyawera. Kama ningeipata, mutoto wangu angetoka Bunyakiri kwa bibi yake, tukaishi pamoja.

Swali la mwisho lilionyesha picha ya kisanduku chenye pande sawa: jua juu, nyota mbele, mwezi kuume. Chini yake kulikuwa na michoro miwili ya kisanduku kilichokunjuliwa. Yote miwili ilikuwa na jua juu ya nyota, lakini mmoja uliweka mwezi kushoto kwa nyota, mwingine kuume. Tulipaswa kuchagua ule ambao ukikunjwa unatoa kisanduku kile. Tulipewa karatasi ya brouillon, ya kujaribia. Nikachora ule wa kushoto, nikaukunja. Karatasi ilikuwa nyembamba na wino ulipenya, nikaona kwa nje jua, nyota, na mwezi kuume. Nikauchagua huo.

Tulipotoka, maman aliyekaa karibu yangu akacheka: "Eh maman, unauzishaka karanga? Umekunjia picha ndani!"

Ni kweli, nauza karanga. Vikaratasi vya kufungia navikunja maandishi yakae ndani, muteja aone upande safi. Mikono ilifuata mazoea, na picha ikageuka kama kwenye kioo.

"Swali haliko mubaya," nikamujibu. "Ni mimi."

Kazi alipewa yeye, na sidhani walikosea.

Nyumbani nilichora tena, nikakunja picha zikiwa nje. Mwezi ukakaa kushoto. Nikaweka kisanduku mezani, pale ningeweka sahani ya mutoto.