Chini Kidogo ya Mlio

Jioni ile Mahamudu aliinyamazisha nyumba yake yote. Jogoo alimpeleka kwa jirani. Saa ya ukutani akaichomoa betri. Kona ya bati iliyokuwa ikipigapiga kila upepo ukija, alipanda akaigongomea msumari. Redio, mzizi wa ugomvi wote, akaifungia sandukuni chini ya vitenge vya mkewe. Mwisho akasokota pamba, akaziba masikio yote mawili, akajilaza kwenye kitanda cha watu wawili, peke yake.

Mlio ukaja.

Ulikuwa mwembamba na mkali, kama nyenje aliyejisahau ndani ya kichwa na asiyehitaji kuvuta pumzi. Mahamudu alidhani nyumba ikitulia nao utatulia. Kumbe ulikuwa ukingoja nafasi. Ule ukimya wote aliouandaa kwa siku nzima, mlio uliingia ukakaa kama mwenye nyumba. Na pamba nayo, ajabu, iliukuza.

Mahamudu wa Nkowe ni mpuliziaji wa salfa, dawa ya unga ya mikorosho. Mikorosho ikianza kutoa maua, watu humwita shamba hadi shamba. Alfajiri, umande ungali kwenye majani na upepo haujaamka, hubeba mashine mgongoni, akavuta kamba, injini ikaunguruma nyuma tu ya masikio yake, na vumbi la njano likapanda hadi kileleni. Kazi hiyo ameifanya tangu binti yake Zulfa hajazaliwa. Leo Zulfa ameolewa Nachingwea na ana mtoto. Mdomo na pua Mahamudu huvifunga kitambaa. Masikio nani aliyewahi kuyafikiria?

Mlio ulipoanza kumnyima usingizi, dawa yake ilikuwa redio. Aliifungulia kwa nguvu mpaka mlio ukazama, na watangazaji wakabishana mpira juu ya kichwa cha Saada, mkewe. Usiku wa manane betri ilikuwa ikikata, ukimya ukaanguka ghafla, naye akashtuka macho wazi. Saada alivumilia msimu mzima. Halafu akafunga kanga zake.

"Baba Zulfa, mimi sikukimbii wewe," alisema mlangoni. "Nakimbia hiyo redio. Nyumba ikiwa kimya, nifuate kwa mwanao."

Ndiyo maana aliinyamazisha nyumba.

Asubuhi Rashidy, jirani yake na mtani wake, alimkuta amekaa kibarazani macho mekundu.

"Mtani, mbona redio haikuimba jana? Nikajua umekufa, nikaanza kugawa mikorosho yako."

"Anza na jogoo, unaye tayari."

"Jogoo mwenyewe kalala vizuri kuliko wewe." Rashidy alimtazama, utani ukampungua. "Watu wanasema una kitu, mtani. Kwamba unaitwa."

"Na nani?"

"Sijui. Wewe ndiye unayesikia."

Hilo ndilo lililomuuma. Jeraha mtu huonyesha. Homa mtu hushikwa paji la uso. Lakini mlio huu, hata angemwekea mtu sikio lake kwenye sikio, asingesikia kitu. Alikuwa nao peke yake sokoni, msikitini, kwenye harusi. Tena siku hizi mkono ulikuwa ukimtetemeka juu ya mashine kwa kukosa usingizi, na mwenye shamba mmoja alikwisha kumwambia apumzike mwaka huu.

Akapanda gari la Nachingwea.

Saada alimpokea kwa uji na maswali machache. Mahamudu aliketi kwenye kochi la mkwewe, feni ya mezani ikimpulizia shingoni, akaanza hotuba aliyoitunga njia nzima.

"Mama Zulfa, nyumba iko kimya sasa. Hata saa nimeizima. Jogoo nimem..."

Hakumaliza. Kichwa kilianguka pembeni, na bakuli la uji Zulfa akaliwahi. Mtoto alilia, majirani walipiga soga dirishani, sufuria ilianguka jikoni. Mahamudu alilala. Umeme ulipokatika na feni ikasimama, hapo ndipo alipofumbua macho.

Saada alikuwa amekaa mbele yake, mkono shavuni.

"Kwa hiyo si kimya unachotaka," alisema polepole.

Kesho yake walikwenda hospitali pamoja. Tabibu wa masikio, Teodosia, alimulika ndani ya masikio yake kwa taa ndogo, akampima usikivu, kisha akauliza: mlio uko upande mmoja au pande zote mbili? Unadunda pamoja na moyo? Kuna kizunguzungu? Usikivu ulipotea ghafla?

"Zote mbili," alijibu Mahamudu. "Haudundi. Unalia tu. Kizunguzungu hakuna, na usikivu umekwenda taratibu."

"Vizuri. Ungeniambia vingine, ningekupeleka hospitali kubwa haraka. Baba, unafanya kazi gani?"

Aliposikia, alitikisa kichwa taratibu. Akaeleza kwamba ndani kabisa ya sikio kuna vinyweleo vidogo sana vinavyopokea sauti, na mngurumo wa miaka mingi umevichosha vingine visirudi tena. Ubongo, ukikosa sauti uliyoizoea, hujitengenezea ya kwake.

"Kwa hiyo siitwi?"

"Na nani, baba?"

Mahamudu alitazama sakafu. Saada akakohoa kidogo kuzuia kicheko, au kilio.

"Sitakudanganya kwamba utaondoka," Teodosia aliendelea. "Ila unaweza kuacha kuuangalia. Ukikaa gizani, kimya, ni kama kibatari kwenye chumba cheusi, huoni kingine. Washa taa nyingine, kibatari kipo, lakini hakikukodolei macho. Weka sauti ndogo ya kitu kisicho na maneno. Feni, au mvua ya kwenye simu. Iwe chini kidogo ya mlio. Usiufunike, ukiufunika hutauzoea. Iwashe kabla ya kupanda kitandani, iende mpaka asubuhi. Na pamba acha nyumbani. Vizibo vya masikio vaa shambani, injini ikiwaka."

"Nkowe kwangu sina umeme wa feni."

"Una nini?"

"Redio," alisema Saada kabla yake, kwa sauti ya mtu aliyeshindwa kesi.

Mahamudu alirudi Nkowe peke yake. Saada hakuahidi kitu. Mahamudu alifungua sanduku, akaitoa redio chini ya vitenge vyenye harufu ya mkewe, akaizungusha hadi mahali pasipo na kituo, pale inapotoa shhh tu. Akaiweka kwenye kigoda mbali na mto. Akapandisha sauti, akashusha, akashusha tena, mpaka akasikia vyote viwili, shhh na mlio juu yake kidogo. Usiku wa kwanza alilala vipandevipande. Wa pili nao aliikodolea dari macho. Lakini kwa sauti ndogo namna ile betri ilifika asubuhi, na ukimya haukumwangukia. Siku zikapita. Asubuhi moja Rashidy alimgongea mlango jua limetoka.

"Mtani, umekufa kweli leo?"

"Nimelala," alisema Mahamudu, akashangaa kulisikia neno lenyewe.

Alimpigia Saada simu. Saada alikuja na gari la jioni, akasema ni kwa kujaribu, begi akaliacha mlangoni bila kulifungua.

Walilala. Redio ilikuwa ikipumua kwenye kigoda.

"Kama mvua kwenye mikorosho," Saada alisema gizani. "Hii naiweza." Akamgeukia. "Na ule wako?"

"Upo."

"Unaliaje? Hujawahi kuniambia."

Mahamudu alifikiri. Kisha akakusanya midomo, akautoa kwa sauti nyembamba, kadiri alivyoweza, karibu na sikio la mkewe. Haukufanana sana.

Saada alisikiliza mpaka pumzi ya mumewe ikaisha.

"Muda wote huo?" aliuliza.

"Muda wote."

Baadaye pumzi za mkewe zikawa nzito, na Mahamudu akabaki na vitatu: shhh, pumzi za Saada, na mlio. Alivifuata vyote kwa zamu, mpaka akapoteza hesabu ya kipi ni kipi.