Taa ya Landrova kwenye Picha ya Mulinge

Kamene alikuwa akipika muthokoi, mahindi ya kukobolewa, na maharagwe nyumbani kwake Ukunda, na kila adhuhuri akiwapelekea mafundi wa gereji iliyokuwa nyuma ya soko. Wazazi wake walikuwa Wakamba waliopewa shamba Shimba Hills, na huko ndiko alikozaliwa mwaka wa sabini. Baba yake, Mulinge, aliuawa na homa kabla Kamene hajatimiza mwaka. Mama naye akafariki binti yake angali mdogo, Kamene akalelewa na shangazi.

Picha ya baba ilikuwa moja tu. Mulinge amesimama mbele ya gari, amempakata mtoto mchanga, anacheka. Shangazi alisema mtoto yule ni Musyoki, kaka yake Kamene, kifungua mimba aliyezaliwa sitini na nne. Musyoki alipooa akahamia Mombasa, akaenda na picha hiyo. Kamene aliomba atolewe nakala, akaiweka kwenye mkoba wake. Alipenda kuutazama uso wa baba. Mtoto hakumtazama sana.

Siku moja mwaka wa tisini na nane alikuta Landrova kuukuu imefunguliwa boneti, na fundi Dzombo akibishana na mwenye gari, aliyekuwa amekuja na madigadi, mabati ya kufunika magurudumu, aliyoyanunua Mombasa.

"Haya si ya gari lako, bwana," Dzombo alikuwa akisema. "Tazama. Lako taa zake kubwa ziko katikati, zimekaribiana, zimo humo humo kwenye grili hii ya mbele. Madigadi haya yana matundu ya taa. Ni ya zile zilizokuja baadaye, taa zilipohamishiwa pembeni."

Kamene aliweka sufuria chini. Alipokwisha kupakua, akatoa picha.

"Fundi, samahani. Na hii je?"

Dzombo alipangusa mikono kwa kitambaa, akaishika picha kwa ncha za vidole. Mwili wa Mulinge ulikuwa umelificha gari karibu lote. Kilichoonekana ni taa moja na pembe ya grili.

"Landrova," alisema. "Taa iko kwenye madigadi. Kwa hivyo si ya kabla ya sitini na nane, sitini na tisa. Kabla ya hapo hazikutengenezwa hivi."

"Huenda ikawa ya karibuni zaidi?"

"Hapo utazame grili. Hii ni wavu wa nyaya za chuma. Mwishoni mwa sabini na moja wakaanza kutia za plastiki, zenye mistari mipana ya kulala. Lakini hilo usilishike sana, dada. Wavu wa chuma watu huupenda, huufunga hata kwenye gari jipya. Wengine huufungua wakachomea samaki!" Alicheka, kisha akairudia picha. "La taa ndilo la kushika. Bodi yaonekana mpya, haijaguswa. Picha hii haikupigwa kabla ya sitini na nane. Ni nani hawa?"

Kamene aliichukua picha, akaanza kuhesabu. Sitini na nane Musyoki alikuwa na miaka minne. Mtoto aliyepakatwa hata shingo ilikuwa haijakaza. Na Mulinge alikuwa na watoto wawili tu.

"Dada Kamene, ni salama?"

"Ni salama, fundi. Kula, chakula kitapoa."

Jumapili baada ya kanisa alivuka kwa feri hadi Mombasa kwa kaka yake. Njia nzima alijiuliza kama ni haki kumnyang'anya mtu kitu alichokiamini tangu utotoni. Alipofika alieleza polepole kama alivyoelezwa, akionyesha taa kwa kidole. Musyoki aliisogeza nakala dirishani, akaikagua ile taa.

"Gari hilo nalikumbuka," alisema mwishowe. "Lilikuja na bwana shamba. Nililiogopa nikakimbilia kwenye mahindi. Baba aliniita nije nipigwe picha, nikakataa kutoka. Siku zote nilidhani hiyo ni siku nyingine."

"Kaka, mimi sikuja kukunyang'anya."

"Hujaninyang'anya. Mimi baba namkumbuka, nakumbuka hata sauti yake. Wewe ulikuwa na nini?"

Aliinuka akaitoa ukutani picha yenyewe, ile kubwa, na fremu yake, akaifunga kwa leso ya mkewe. Pale ukutani pakabaki doa jeupe la mraba. Kamene alimwachia ile nakala ndogo.

Ndani ya feri alikosa kiti, akasimama ameikumbatia. Mama mmoja aliyebanana naye akamwuliza amebeba nini kwa uangalifu hivyo.

"Picha ya baba yangu," alisema Kamene. "Amenipakata."