Mama wa Chanjo na Mlango wa Jirani

Mwaka ule ndui ilipoingia kwenye laini zetu za vibarua huko Dundori, nilikuwa mke mdogo mwenye mtoto wa kwanza mgongoni. Tulichuma pareto kwenye shamba la mzungu na kulala katika vyumba vilivyogawanywa kwa ukuta wa udongo, ukuta mwembamba hata kikohozi cha jirani ukakijua. Ulikuwa wakati wa Hali ya Hatari, askari wa mkoloni wakikamata watu. Mlango ukibishwa, watu waliacha kutafuna.

Jirani yangu alikuwa na watoto wawili, mvulana na msichana. Mumewe alichukuliwa na askari asubuhi moja akiwa bado anafunga viatu, na tangu hapo hakuna aliyejua yuko wapi. Kwa hiyo tuliposikia kwamba mgeni kutoka upande wa Naivasha ameugua ndui mwisho wa laini, na kwamba watu wa afya wanakuja nyumba kwa nyumba, yeye alifunga mlango.

Walikuja wawili: dresa mmoja kijana, msaidizi wa tabibu, na mama mtu mzima mwenye uso uliojaa makovu madogo ya mviringo. Yule mama hakubisha mlango wa mtu. Alisimama mbali, mahali unapoweza kumwona vizuri, mikono wazi, akaita hodi kwa sauti ya kawaida. Akasubiri. Alipoingia kwangu alinieleza kuwa yeye ndui ilishampata na kumwacha, haiwezi kumrudia, ndiyo maana anawashika wagonjwa bila kuogopa.

Alitukagua kwenye mwanga wa mlangoni: paji la uso, ndani ya mdomo, viganja, nyayo. Akatuosha mkono karibu na bega kwa sabuni na maji, akaukausha. Dresa akatoa kwenye thamosi yenye barafu mrija mwembamba wa kioo, akadondosha tone moja la dawa juu ya ngozi, kisha akakwaruza taratibu kwa sindano kupitia lile tone, bila kutoa damu. Tusipanguse, alisema, tuache ikauke yenyewe. Wangerudi baada ya kama wiki moja kuangalia. Pakitoka lengelenge, chanjo imeshika. Pasipotoka, watarudia.

Kwa jirani hakufunguliwa. Ukutani nilimsikia mvulana akilia kwamba mgongo unamuuma, na mama yake akimnyamazisha, sauti ikazibwa kama kwa kitambaa. Dresa naye alisikia, akaitambua dalili ya ndui. Akasema ataenda kumwita nyapara na askari wavunje.

Yule mama akamwambia, "Ukileta askari hapa, kesho milango ya laini nzima itafungwa. Na ugonjwa utabaki ndani na sisi tuko nje."

Akaketi kwenye udongo mbele ya mlango ule. Manyunyu ya Dundori yalianza, yale ya baridi yanayopenya blanketi, naye hakuondoka. Alizungumza na mlango. Alisema jinsi yeye mwenyewe alivyougua akiwa msichana, nani alimlisha uji, nani alikufa pembeni yake. Hakuahidi kwamba mtoto atapona. Alisema tu, "Yule msichana bado tunaweza kumwahi, mama. Kila siku inayopita inamtoa mikononi mwetu."

Jua lilikuwa limeanza kuinama mlango ulipofunguliwa.

Mvulana alikuwa na vipele usoni na kwenye mikono, hata viganjani. Mama na msichana wakachanjwa papo hapo. Kisha yule mwanamke mwenye makovu akamfunga mvulana mgongoni kwa leso yake, akambeba hadi kibanda cha nyasi walichojenga watu wa afya karibu na msitu, mama akifuata nyuma. Msichana aliachwa kwangu, ambako mama wa chanjo alimpima joto kila asubuhi. Nguo zao zilichemshwa, mikeka ikachomwa.

Mvulana alikufa kule kibandani. Waliomzika walikuwa mama yake, ambaye chanjo yake ilikuwa imeshashika, na yule mwanamke mwenye makovu, wawili tu, kwa sababu sisi wengine tulikatazwa kusogea. Tuliona moshi wa nyasi za kibanda, hatukuona kaburi. Msichana alipata homa ndogo na vipele vya kuhesabika, akapona.

Jirani aliporudi kwenye chumba chake, jambo la kwanza alilofanya ni kumpikia yule mama viazi na kumlazimisha akae ale. Kupitia ukutani nilisikia vijiko tu.

Kisha watu wa afya wakahamia shamba lililofuata. Sikupata kujua jina la yule mama. Binti yangu, yule niliyembeba mgongoni, ni mzima hadi leo, na kovu lake begani ni dogo kama punje ya mahindi. Namshukuru yule mwanamke kila nikilala, na kila nikilala ndipo namsikia yule mvulana, nyuma ya ukuta, akisema mgongo unamuuma, na ile sauti inavyozibwa.