Ya Kati Umeila

Mwalimu wetu wa riadha tulimwita Mama Chokaa, maana viganja vyake havikutakata. Kila alasiri alichora mistari ya chokaa kuelekea shimo la mchanga, nafasi zote sawa. Katika nafasi ya kwanza utue kwa mguu uleule ulioruka nao, ya pili kwa mguu wa pili, kisha mchangani kwa miguu yote.

Sisi wageni wa mchezo huo wa miruko mitatu tulianza kwa kupaa kama panzi, tukatua tumeishiwa nguvu, na hatua ya kati ikawa kijihatua. Yeye alitugeuzia mgongo, akasikiliza tu.

"Paa, pa, paa," alinung'unika, akiiga vishindo vyetu. "Ya kati umeila, mwanangu. Usiruke juu, ruka mbele. Rudi."

Juzi nilimtembelea nikitoka kufundisha riadha katika uwanja wetu uleule. Nilimsikia akija kutoka jikoni na mkongojo wake: mguu mzima ulikanyaga, mbovu ukagusa tu, mzima ukakanyaga. Nikainama.

"Usijifanye hujasikia," alisema. "Hebu sema."

"Ya kati umeila, Mama."

Akavishika viganja vyangu vyeupe, akavitazama.

"Basi nichoree mistari."